Kipimo cha mafuta kwenye damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu TC, LDL, HDL na TG

Maswali haya hurudi kila mtu anapokabidhiwa karatasi ya majibu huku foleni ya daktari ikiwa bado ndefu. Namba zote humu ziko katika mmol/L, isipokuwa pale tutakaposema vinginevyo. Kama karatasi yako ina namba kubwa kubwa za 100 na kuendelea, anza na swali la 2.

## Mambo ya mwanzo

1. Kipimo hiki kinapima nini hasa?

Kinapima mafuta ya aina mbili: kolesteroli, ambayo wengine tunaiita lehemu, na trigliseridi, ambazo karatasi huziandika TG. Kolesteroli hutumika kujenga kuta za seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa yake inatengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Trigliseridi ni mafuta ya nishati: chakula kinachozidi mahitaji ya siku hugeuzwa kuwa trigliseridi na kuwekwa akiba.

Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo hayawezi kuelea yenyewe kwenye damu. Husafiri ndani ya chembe ndogo sana zilizovikwa protini, na herufi unazoziona kwenye karatasi ni majina ya chembe hizo. LDL ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kolesteroli kutoka kwenye ini kwenda mwilini. HDL inahusika na kuirudisha kwenye ini. Ipo na ya tatu, VLDL, inayobeba trigliseridi nyingi pamoja na kolesteroli kidogo. Kolesteroli yenyewe ni ile ile popote ilipo. Kinachotofautiana ni chembe iliyoibeba, na ndiyo maana watu husema “kolesteroli nzuri” na “kolesteroli mbaya” ingawa mafuta ni yale yale.

TC basi ni jumla ya kolesteroli yote: iliyo ndani ya HDL, ndani ya LDL na ndani ya VLDL. Likumbuke jumlisho hilo, kwa sababu nusu ya maswali yanayofuata yanajibiwa nalo.

2. Karatasi yangu inasema 190, ya dada yangu inasema 4.9. Nani ana nyingi?

Hakuna. Ni kiasi kile kile kwa vipimio viwili tofauti. Tazama pembeni mwa namba: ya kwanza itakuwa na mg/dL, ya pili mmol/L. Maabara za Afrika Mashariki hutumia vyote viwili, na hata maabara mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana.

Kwa TC, LDL na HDL, gawanya mg/dL kwa 38.7 upate mmol/L. Kwa trigliseridi gawanya kwa 88.6. Hapo ndipo wengi hukosea: huchukua 38.7 wakaitumia kwa namba zote nne, na trigliseridi zikatokea zaidi ya mara mbili ya zilivyo.

3. Lazima nije bila kula?

Mara nyingi si lazima. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Ulaya wa mafuta ya damu na wa maabara lilipendekeza kupima bila kufunga kama jambo la kawaida, kwa sababu mlo wa kawaida haugeuzi sana matokeo: trigliseridi hupanda kwa takriban 0.3, na LDL hushuka kwa takriban 0.2. HDL haiguswi.

Maabara nyingi bado zinaagiza kufunga saa 9 hadi 12, na kuna hali ambazo agizo hilo lina maana. Kama trigliseridi zako zimewahi kuwa juu sana (swali la 12), au kipimo ulichofanya baada ya kula kilitoa trigliseridi zaidi ya 4.5, rudia ukiwa umefunga. Maji unakunywa. Chai ya maziwa na sukari hapana, na pombe ya jana usiku inaharibu kipimo kuliko chapati ya asubuhi.

Kwa aliyefunga Ramadhani hesabu ni nyepesi: aliyemaliza daku saa kumi na nusu alfajiri anakuwa ametimiza saa kumi na nusu bila chakula ifikapo saa tisa alasiri. Ila huyo hajanywa maji pia, na damu iliyopungukiwa maji hupandisha namba kidogo. Kama hakuagizwa kufunga, achukuliwe damu asubuhi mapema.

## Namba moja moja

4. TC yangu imewekewa alama ya H. Je, ni hatari?

Hujui bado. Maabara nyingi huweka H pale TC inapopita 5.2, na kuanzia 6.2 huhesabiwa kuwa juu. Lakini TC ni jumla, na jumla haikuambii kilichojumlishwa. Mwanamke mwenye HDL ya 2.2 anaweza kuvuka 5.2 kwa sababu ya HDL hiyo tu, na mwanamume mwenye HDL ya 0.8 anaweza kubaki chini yake huku mishipa yake ikipata tabu. Tumewaweka watu hao wawili pamoja kwenye swali la 9.

Hata hivyo TC haijapitwa na wakati. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10, yaliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019 kwa kila ukanda, Afrika Mashariki ukiwemo, yanatumia TC pamoja na umri, jinsia, uvutaji, presha na kisukari. Hapo TC ni kipande kimoja cha hesabu, na ndiyo nafasi inayoifaa.

5. LDL inatakiwa iwe ngapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linategemea wewe ni nani. LDL huingia kwenye ukuta wa ateri na kunasa humo, na kinachojengeka kwa miaka ndicho huja kuziba. Kwa hiyo kinachoumiza ni kiwango pamoja na muda. LDL ya 3.5 kwa mtu wa miaka 60 mwenye kisukari si sawa na 3.5 kwa binti wa miaka 22 asiye na tatizo lolote, ingawa karatasi itawachapishia alama ile ile.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unapanga hivi: mwenye hatari ndogo abaki chini ya 3.0, mwenye hatari ya kati chini ya 2.6, mwenye hatari kubwa chini ya 1.8, na aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha kuziba mshipa, ashuke chini ya 1.4. Kwa hiyo mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, anayeona LDL 2.9 na neno “kawaida” pembeni, hayuko kawaida. Mashine ya maabara haijui historia yake.

LDL ya 4.9 na zaidi ni jambo lingine kabisa. Tazama swali la 14.

6. LDL yangu ilipimwa, au ilikokotolewa?

Kuna uwezekano mkubwa ilikokotolewa. Maabara hupima TC, HDL na trigliseridi kwa kemikali, kisha LDL hutafutwa kwa kutoa. Kanuni inayotumika zaidi ilichapishwa mwaka 1972 na inaitwa Friedewald:

```
mmol/L:  LDL = TC - HDL - (TG / 2.2)
mg/dL:   LDL = TC - HDL - (TG / 5)
```

Kile kipande cha TG ndicho kinachokadiria kolesteroli iliyo ndani ya VLDL. Chukua kalamu ujaribu kwa namba zako. Ikitoka sawasawa na iliyochapishwa, ilikokotolewa kwa kanuni hii. Ikipishana kidogo, huenda maabara inatumia kanuni mpya zaidi, kama ile ya mwaka 2013 au ya 2020, au mashine yao inapima LDL moja kwa moja.

Kwa nini ujali? Kwa sababu kosa lolote kwenye namba nyingine tatu linaingia kwenye LDL. Trigliseridi zikipita 4.5 kanuni hii haitumiki tena. Hata kabla ya hapo, LDL ikiwa ndogo na trigliseridi zikiwa nyingi, huwa inaonyesha LDL iliyo chini kuliko ilivyo kweli.

7. HDL yangu iko juu. Si ndiyo kinga?

HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume na chini ya 1.3 kwa mwanamke ni ishara mbaya: mara nyingi huandamana na kitambi, kutofanya kazi za mwili, sigara na trigliseridi nyingi. Lakini kuipandisha kwa dawa hakujasaidia. Dawa ya torsetrapibu ilipandisha HDL kwa kiasi kikubwa, na jaribio lake likasimamishwa mwaka 2006 kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikuwa wanakufa zaidi.

Kwa hiyo HDL isomwe kama kipimo cha hali ya mwili. Ikiwa 1.5, vizuri. Ikiwa 2.4, usiihesabu kuwa ruhusa ya kupuuza LDL ya 4.2. Mtu anayekunywa pombe sana huwa na HDL ya kupendeza, na ini lake halipendezi hata kidogo.

8. Trigliseridi 2.8, na mimi sili mafuta. Zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye ini lako. Sukari na wanga uliozidi hugeuzwa kuwa mafuta, na pombe inalisukuma ini kutengeneza na kutoa mafuta zaidi. Mtu anayekula ugali mkubwa mara mbili kwa siku, soda moja mchana na chai ya vijiko vinne vya sukari anaweza kuwa na trigliseridi nyingi bila kugusa chipsi. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huzipandisha sana, kiasi kwamba kuna watu wanaogunduliwa kisukari kwa kuanzia na namba hii.

Chini ya 1.7 ni kawaida. Kuanzia 2.3 ni nyingi. Kuanzia 5.6 ni nyingi mno, na hapo wasiwasi unahamia pia kwenye kongosho. Uzuri wake ni kwamba hushuka haraka: ukiacha pombe na vinywaji vya sukari, wiki chache zinatosha kuona tofauti. LDL haina haraka hiyo.

9. Non-HDL ni nini, na kwa nini wengine hawaiandiki?

Ni TC ukitoa HDL, basi. Inahesabu kolesteroli yote iliyo ndani ya chembe zinazoweza kunasa kwenye ateri, yaani LDL na VLDL kwa pamoja. Haihitaji kufunga, haiharibiwi na trigliseridi nyingi, na haina gharama. Kama maabara haikuiandika, itoe mwenyewe. Lengo lake ni lengo lako la LDL ukiongeza 0.8.

Chukua mfano wa kutunga wa watu wawili, wote wa miaka 52. Mwanamke ana TC 5.7, HDL 2.2, TG 0.7. Mwanamume ana TC 5.1, HDL 0.8, TG 2.4. Karatasi ya mwanamke ina H kwenye TC. Kwa mwanamume TC haina alama, na ameshampigia mkewe simu kwamba kolesteroli iko sawa.

Tukokotoe LDL. Kwa mwanamke, 0.7 ukigawa kwa 2.2 ni 0.3, kwa hiyo 5.7 toa 2.2 toa 0.3 inabaki 3.2. Kwa mwanamume, 2.4 ukigawa kwa 2.2 ni 1.1, na 5.1 toa 0.8 toa 1.1 inabaki 3.2 vile vile. TC ilisema mwanamke ndiye mwenye shida. LDL inasema wamelingana. Sasa non-HDL: mwanamke 3.5, mwanamume 4.3. Wote wawili wakiwa na lengo la LDL chini ya 3.0, lengo la non-HDL ni chini ya 3.8. Mwanamke yuko ndani, mwanamume amepita. Na mwanamume huyo ana HDL ndogo na trigliseridi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo apimwe sukari na presha, na kiuno chake kipimwe kwa futi ya fundi nguo kama hakuna nyingine.

Kwa maoni yangu, kama una nafasi ya kusoma namba mbili tu, soma LDL na non-HDL.

## Majibu yanayochanganya

10. Nimepima mara mbili ndani ya wiki mbili, majibu hayalingani. Maabara gani imekosea?

Pengine hakuna. Trigliseridi za mtu yule yule hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 20 bila sababu yoyote ya ugonjwa, kwa hiyo 1.5 leo na 1.9 wiki ijayo ni kitu kimoja. TC hucheza kidogo zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo 5.0 na 5.3 zisikunyime usingizi.

Namna ya kuchukua damu nayo inachangia. Ukiwa umesimama foleni muda mrefu namba huwa juu kuliko ukiwa umekaa. Ule mpira wa mkononi ukiachwa umebana kwa dakika kadhaa huku mshipa ukitafutwa, kolesteroli inapanda. Kaa dakika chache kabla ya kuchomwa, na ukitaka kulinganisha, rudi maabara ile ile.

11. Nilipima nikiwa na malaria. Yale majibu yana maana?

Yaweke pembeni. Maambukizi makali hushusha LDL na HDL na kupandisha trigliseridi, na malaria hufanya hivyo waziwazi. Wapo wanaofurahia LDL ya 1.6 iliyopimwa wodini, kisha miezi miwili baadaye ikawa 3.4 na wakailaumu dawa ya malaria. Namba ilikuwa inarudi mahali pake tu.

Ndivyo ilivyo pia baada ya upasuaji mkubwa, na baada ya shambulio la moyo: kipimo cha saa 24 za mwanzo ni cha kuaminika, cha wiki inayofuata huonyesha LDL ndogo kuliko ya kweli. Ujauzito unafanya kinyume, unapandisha kolesteroli na trigliseridi, na kwa kawaida husubiriwa mpaka baada ya kujifungua. Kwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, baadhi ya michanganyiko, hasa yenye lopinavir na ritonavir, hupandisha trigliseridi. Dawa isiachwe kwa sababu hiyo. Namba ipelekwe kliniki ya matunzo.

12. TG 9.0, na mahali pa LDL pameachwa wazi. Wamesahau?

Hawakusahau, wamefanya vizuri. Trigliseridi zikiwa nyingi kiasi hicho, kijichupa cha damu kikishazungushwa kwenye mashine, majimaji ya juu ambayo kwa kawaida ni ya njano angavu huwa meupe kama tui la nazi. Fundi wa maabara anaiona kabla mashine haijasema lolote. Tuseme TC ni 6.4 na HDL ni 0.7. Ukilazimisha kanuni ya swali la 6 utapata LDL ya 1.6, namba tamu na ya uongo.

Hapa tatizo la haraka ni kongosho. Hatari ya kongosho kuvimba huongezeka kuanzia 5.6 na huwa kubwa zaidi kuanzia 10. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, si ya kusubiri kliniki ya Jumatatu. Asiye na maumivu arudie kipimo akiwa amefunga, apimwe sukari, na pombe isimame mara moja.

13. Chupa ya mafuta imeandikwa “haina kolesteroli”, mbona LDL imepanda?

Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, kwa hiyo maandishi hayo ni ya kweli na hayakusaidii. Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yaliyojaa, yale yanayolifanya ini lipunguze kuondoa LDL kwenye damu. Mawese takriban nusu yake ni mafuta yaliyojaa. Mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Tui jepesi kwenye mchuzi mara mbili kwa wiki na kukaanga kila kitu kwa mafuta ya nazi ni mambo mawili tofauti. Alizeti na ufuta ni nafuu zaidi kwa LDL.

Na kwa watu wa pwani, jambo dogo ambalo halisemwi: kahawa iliyochemshwa bila kupitishwa kwenye karatasi ya kuchujia ina kafestoli, kitu kinachopandisha LDL. Vikombe viwili vidogo kutoka kwenye dele jioni havitishi, lakini mnywaji wa vikombe vingi kila siku amweleze daktari wake.

14. Nina miaka 29, mwembamba, nakimbia kila asubuhi, LDL ni 5.6. Inawezekana?

Inawezekana, na usikubali kuambiwa tu “punguza mafuta”. Kwanza zitafutwe sababu nyingine: tezi ya thairoidi inayofanya kazi polepole na figo zinazovuja protini hupandisha LDL, na kipimo cha TSH na cha mkojo huonyesha. Zikikosekana, inashukiwa kolesteroli ya kurithi, hali inayompata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300, ambapo ini halina uwezo kamili wa kuiondoa LDL tangu kuzaliwa. Swali la daktari litakuwa nani kwenye familia alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55 kwa wanaume au 60 kwa wanawake. Ataminya pia kano ya nyuma ya kifundo cha mguu, kwa sababu kolesteroli hujikusanya hapo na kuifanya nene yenye vinundu.

Kukimbia ni kuzuri lakini hakutaishusha 5.6 hadi 2.6. Inahitaji statini, kama atovastatini, kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki 4 hadi 12. Dozi kubwa hushusha LDL kwa nusu au zaidi, na kazi kubwa hufanywa na dozi ya mwanzo: kila unapoirudufu unapata nyongeza ya asilimia 6 hivi tu, kwa hiyo mara nyingine huongezwa dawa ya pili. Namba ikishakuwa nzuri ni kwa sababu dawa ipo. Ikiachwa, LDL hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Kwa mwanamke anayepanga kushika mimba, mpango huo usemwe kabla dawa haijaandikwa.

Kila ndugu wa tumbo moja na kila mtoto wa mtu huyu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa na hali hiyo hiyo, kwa hiyo nao wapimwe, watoto wakiwemo, hata kama ni wembamba na hawaumwi chochote.